Mama Aliyekuja Kila Ijumaa

Pasi ilikuwa mkononi mwangu na shati la mteja lilikuwa juu ya ubao, kola tayari, mkono mmoja bado. Chiriku akaingia dukani na bahasha ya shule, akaiweka juu ya kapu la nguo safi taratibu kama anaweka yai.

"Mama, ripoti."

"Nimeiona. Ngoja nimalize mkono huu."

"Mwalimu kasema usome maoni kwanza, ndiyo uangalie alama."

Ehee! Nani huyo anayesoma maoni kwanza? Mimi enzi zangu ripoti ikifika nyumbani swali lilikuwa moja tu: wa ngapi? Ukishajua wa ngapi, umeshajua kama jioni utakula kwa raha au utakula huku unafuta machozi. Maoni yalikuwa "ongeza bidii", kwa wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Hata mwalimu mwenyewe nadhani alikuwa anayaandika amesinzia.

Chiriku ndiye mwanangu wa pekee, yuko darasa la tano. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya mdomo, alikuwa anaongea mpaka na kuku. Mwaka huu ulipoanza, mimi na baba yake tukaachana, na yule mtoto akafunga mdomo. Muhula wa kwanza akaniletea ripoti ya aibu, wa pili kutoka mwisho. Sitaki kusema nilifoka kiasi gani. Nitasema tu kwamba fundi viatu wa mlango wa pili alikuja mbio kuuliza nani kafariki.

Na hii ya sasa haikuwa ripoti ya hivi hivi. Baba yake, dereva wa lori, baada ya kuoa mwanamke mwingine alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba mtoto akaishi kwake. Akasema mimi nashinda dukani tangu asubuhi hadi jioni, mtoto hana mtu, ndiyo maana anaanguka shuleni. Afisa wa ustawi, mama mmoja mpole asiyecheka, alitusikiliza wote wawili akasema: "Jumatatu baada ya shule kufungwa nileteeni ripoti ya mwisho wa mwaka. Na mtoto mwenyewe nitazungumza naye peke yake." Basi. Mwanangu atalala kwangu au atalala kwa baba yake, yote yalining'inia kwenye karatasi ile juu ya kapu. Nikajifanya nahangaika na shati.

Nikafungua kwa mkono mmoja. Nikaona alama kwanza, sitasema uongo. Wa kumi na moja muhula wa tatu! Kati ya wanafunzi arobaini! Nikapiga kigelegele, fundi viatu akaitikia huko huko kwake bila kujua ni cha nini. Ndipo nikashuka chini kwenye sehemu ya maoni ya mwalimu wa darasa, mistari iliyoandikwa kwa wino wa buluu, herufi zimesimama vizuri:

"Alianza mwaka kwa shida, lakini ameinuka sana. Muhula wa kwanza alikwama katika kusoma aya moja. Sasa anasoma hadithi nzima kwa sauti na kueleza alichosoma kwa maneno yake. Amefika hapa kwa kuhudhuria kipindi cha ziada cha kusoma, na kwa msaada wa mama yake, ambaye amekuja shuleni kila Ijumaa kukaa naye bila kukosa. Bado anahitaji mazoezi ya hesabu za sehemu na kupanga insha. Mama aendelee kusoma naye wakati wa likizo."

Nikasoma tena. Kila Ijumaa. Mama. Bila kukosa.

Jamani, mimi mwaka huu sijakanyaga shule ile! Ijumaa ndiyo siku ya sare za hoteli, siku hiyo hata kwenda msalani naenda mbio. Mama gani huyo? Harufu ya kitu kinachoungua ikanifikia puani kabla sijaelewa kwamba ni shati la mteja. Nikainua pasi. Mkono wa shati ulikuwa na alama ya pasi nzima, ya kahawia, na ncha yake.

"Chiriku. Mama gani huyu?"

Akatazama viatu vyake. "Mwalimu alikosea."

"Anakosea vipi kila Ijumaa? Nani anakuja kukaa na wewe?"

Nikamwita kwa upole, nikamwita kwa ukali, nikamtishia na nikambembeleza. Machozi yakamtoka, mdomo haukufunguka. Mtoto huyo ukaidi kautoa kwangu, najua, sina wa kumlaumu.

Fundi viatu alikuja kunipa pole ya shati. Nikamsomea yale maoni. Akavua miwani, akaifuta, akavaa.

"Mama Chiriku, wewe ni mjinga au unajifanya? Jumatatu unakwenda mbele ya afisa, na mwalimu mwenyewe kaandika kwa mkono wake kwamba unakwenda shuleni kila wiki. Mungu akikupa hakuletei barua. Weka sahihi, peleka, funga mdomo."

"Na huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani? Hapo pameandikwa mama. Mama ni wewe."

Nikajaribu kulimeza hilo. Lilikuwa tamu, sikatai. Lakini kila nilipotaka kulimeza lilinikwama. Kuna mtu mahali fulani anakaa kwenye dawati kando ya mwanangu, anaitwa mimi, na mimi simjui! Ni mwizi wa watoto? Ni mchawi? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu asiyeujua anapewa shukrani. Kesho yake, Ijumaa ya kufunga shule, nikamwachia fundi viatu ufunguo na sare za hoteli, mchana nikaenda.

Darasa la tano liko mwisho wa veranda. Madawati mengi yalikuwa yameshapandishwa juu ya mengine kwa ajili ya likizo, yamebaki machache mbele. Mwalimu wa darasa alikuwa peke yake, mwanamke mfupi, kalamu moja kaichomeka kwenye nywele na nyingine iko mkononi. Mbele yake rundo la ripoti.

"Shikamoo, mwalimu." Hata sijui kwa nini nilimwamkia shikamoo, ni mdogo kwangu. Shule inanifanya hivyo.

Akacheka. "Sisi ndio wa kukuamkia, mama. Karibu. Wewe ni mzazi wa nani?"

"Wa Chiriku."

"Aa, hapana," akasema, bado anatabasamu. "Mama Chiriku namfahamu. Labda wewe ni mama mkubwa wake?"

Nilibeba mimba ile miezi tisa, nikatapikia kila ndoo ya nyumba ile, halafu leo naambiwa hapana kwa tabasamu! Nikataka kupayuka. Badala yake nikakaa juu ya dawati la mtoto, magoti yakanifika kifuani, nikatoa ripoti nikamwekea mbele.

"Mwalimu, niangalie uso. Mimi ndiye niliyemzaa. Na sijawahi kuja hapa hata Ijumaa moja."

Akaniangalia. Chiriku amechukua paji langu la uso lote, pana hivi, na pengo hili la meno ya mbele. Nikaona rangi inamtoka yule mwalimu, kalamu ikamdondoka.

"Mungu wangu," akasema. "Sasa huyu ninayekaa naye miezi yote hii ni nani?"

"Nimekuja nikuulize wewe!"

Yeye ndiye aliyejikusanya kwanza. Akanieleza. Muhula wa pili ulipoanza alimtuma Chiriku aniambie kwa mdomo kwamba kuna kipindi cha kusoma Ijumaa saa tisa, kwa watoto waliobaki nyuma, na kila mtoto anakuja na mtu wa kwao. Ijumaa ya pili Chiriku akaja ameshikana mkono na mwanamke. Mwalimu akasema, "Karibu mama," mwanamke akaitikia, basi. Nani anamwomba mama wa mtu kitambulisho? Mtoto anaona aibu ya kusoma, mwanamke anamfuatilia kwa kidole mstari kwa mstari, anamngoja akikwama, hamkaripii. Mwalimu akaona kazi inakwenda.

"Kwa hiyo ukaandika," nikasema.

"Nikaandika, na niliandika kwa makusudi." Akavuta karatasi ya alama, akanionyesha kwa kidole. "Tazama. Muhula wa kwanza wastani wake thelathini na moja. Wa pili arobaini na sita. Wa tatu sitini na nane. Lakini ripoti ya mwaka inataka wastani wa mihula yote mitatu, unapata arobaini na nane. Mtu akiona arobaini na nane anamwona mtoto dhaifu. Wastani hauonyeshi kama mtoto anapanda au anashuka. Mahali pekee pa kuonyesha kwamba amepanda ni hapa kwenye maoni. Ndiyo maana nawaambia watoto maoni yasomwe kwanza."

Hilo sikulijua.

Akaendelea, sasa anaongea na nafsi yake zaidi kuliko na mimi. Akasema maoni anayaandika kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, baada ya alama zote kuingizwa na walimu wa masomo kukubaliana nazo. Hasemi "alifeli", anasema alianza kwa shida, kwa sababu mtoto atayasoma hayo hata akiwa mtu mzima. Hasemi "amejitahidi" peke yake, anasema mtoto alikuwa hawezi nini na sasa anaweza nini. Halafu anataja kilichomsaidia, ili nyumbani wasikiache. Mwisho anataja kilichobaki, ili mtu asibweteke.

"Na sharti langu ni moja, mama. Naandika nilichoona kwa macho yangu. Sasa ripoti hii ina uongo, na mhuri wa mwalimu mkuu uko juu yake."

"Futa hilo neno tu."

"Ripoti haifutwi. Ukipaka wino mweupe au ukikata neno, popote itakapopelekwa wataikataa. Inabidi niijaze upya yote kutoka kwenye karatasi ya alama, hii niipige mstari ibaki shuleni, na mwalimu mkuu asome tena ndipo agonge mhuri. Lakini kwanza nimjue huyo mtu."

Kabla hajafunga mdomo, saa tisa ilikuwa imefika na vivuli viwili vikaingia mlangoni. Chiriku, na kitabu kifuani. Na nyuma yake, salale! Lipstiki.

Lipstiki ndiye mke wa baba Chiriku. Jina lake analo, mimi sijawahi kulitamka. Nilimwita hivyo siku ya kwanza kumwona, midomo imekolea nyekundu kama kuta za bucha, na tangu hapo mtaa mzima unamwita hivyo kwa ajili yangu. Leo midomo ilikuwa mikavu, kavaa kanga ya kawaida na kandambili. Alipouona uso wangu alishika fremu ya mlango.

"Wewe!" Nikasimama, dawati likaanguka. "Umeninyang'anya mume, sawa, mchukue, hata kukoroma kwake mchukue. Sasa umekuja kujiita mama wa mwanangu? Mnanitengenezea ushahidi, si ndiyo? Jumatatu mseme nani ndiye mlezi!"

"Dada, ngoja..."

"Udada wetu umeanzia wapi?"

"Mama, ni mimi!" Chiriku alisema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu mwaka uanze. "Mimi ndiye niliyekwenda kumwita!"

Nikamgeukia. Alikuwa analia lakini hakuacha kusema, maneno yakamtoka yote kwa pamoja kama zamani. Mwalimu alimtuma aniambie. Alifika dukani akanikuta nalia peke yangu nyuma ya mapazia ya wateja, ripoti ya muhula ikiwa mkononi. Akaogopa. Akasema moyoni, nikimpa mama habari nyingine ya shule atafoka au atalia tena. Baba yuko safarini na lori, na hata angekuwepo asingekuja. Akatembea mpaka kwa baba yake, akagonga, akamwambia huyu mwanamke: mimi sijui kusoma vizuri, njoo na mimi shuleni, usimwambie mtu.

"Mtoto wa miaka kumi na moja ananigongea mlango," Lipstiki akasema polepole. "Nilikuwa simpendi, nisikufiche. Nilidhani wewe ndiye umemtuma aje kunichunguza. Akaniambia hajui kusoma. Ningemjibu nini?"

"Na kwa nini hukumwambia mwalimu wewe ni nani?"

"Kila nilipotaka kumsahihisha, mtoto alinibana mkono."

Chiriku hakukana. Nikatafuta dawati nikae, nikakumbuka nimeliangusha. Mwalimu akanisogezea kiti chake.

Nimeshawahi kupigwa na umeme wa pasi, najua mshtuko. Huu ulikuwa mwingine. Mwanangu alikuwa na shida, akapiga hesabu zake zote kichwani, na jibu alilopata si mimi. Alimwendea adui yangu kwa sababu alinihurumia.

Lipstiki akaitazama ripoti juu ya meza. Akaisoma, mdomo unamcheza, akafika kwenye yale maneno.

"Mwalimu, acha ibaki hivyo," akasema. "Imeandikwa mama. Mama yake ni huyu. Jumatatu aipeleke kama ilivyo. Mimi sitasema neno, na mume wangu hajui kama huwa nakuja hapa. Mimi sitaki kitu."

Nikamtazama kutafuta mtego. Sikuuona. Mwanamke niliyemchafua mtaa mzima alikuwa ananipa mwanangu mkononi, bure. Na mimi? Nilitaka kupokea! Nawaambia kweli, mkono ulishaanza kwenda kwenye ile karatasi. Afisa angesoma, angeniona mama wa maana, na baba Chiriku angebaki anahesabu vigae vya sakafu.

"Mwalimu," nikaanza, "labda..."

"Usiogope, mama," Chiriku akadakia, anafuta pua kwa mkono wa sare. "Afisa akiniuliza peke yangu nitasema ni wewe. Nitasema tulikuwa tunakaa dawati la mbele, unanishikia mstari kwa kidole. Nimeshajizoeza kusema. Sikosei hata mahali pamoja."

Hapo nikaurudisha mkono.

Nimeshajizoeza! Mtoto amejifunza kusoma mwaka huu, na somo la pili alilojifunza ni kunidanganyia. Angekaa mbele ya yule mama asiyecheka, peke yake, miguu haifiki chini, anatoa uongo uliopigwa pasi vizuri. Na angeubeba baada ya hapo, kila akiiona ripoti ile, mwaka hadi mwaka. Mimi ningelala usingizi, na yeye ndiye angelinda mlango.

"Andika kweli," nikamwambia mwalimu.

"Dada!" Lipstiki akashtuka. "Utampoteza."

"Nimesema aandike kweli! Kwani mimi naongea Kichina?"

Mwalimu hakubisha. Akatoa ripoti mpya, akaanza kuijaza somo kwa somo huku mimi namsomea alama na yeye anazihakiki kwenye karatasi yake. Akajaza tabia, akafika kwenye mahudhurio, akafungua daftari la mahudhurio la darasa kupata jumla. Akasimama.

"Muhula wa kwanza ana siku nyingi alizokosa. Lakini tangu wa pili, hajakosa hata siku moja. Hajachelewa. Nani anamwamsha?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Na sare hii?" Akaigusa kola ya Chiriku, ambayo mtu angeweza kukata nayo mkate.

"Mwalimu, mimi ni dobi."

"Hilo nalo nimeliona kwa macho yangu," akasema. Akavuta karatasi ya pembeni, akaandika kwa penseli, akafuta, akaandika tena. Nafasi ya maoni ni ndogo, mistari mitano, hakuna pa kupamba. Alipotosheka akanakili kwa wino, akampa Chiriku. "Soma kwa sauti. Ni yako."

Chiriku akasimama katikati ya madawati. Mimi mtoto wangu nilikuwa sijamsikia akisoma kwa muda mrefu, mara ya mwisho alikuwa anagugumiza silabi. Akasoma hivi, bila kukwama:

"Alianza mwaka kwa shida, lakini ameinuka sana. Aliyekwama katika aya moja sasa anasoma hadithi nzima na kuieleza. Yeye mwenyewe ndiye aliyetafuta mtu wa kumsaidia. Mke wa baba yake amekaa naye katika kipindi cha kusoma kila Ijumaa. Mama yake mzazi amehakikisha anafika shuleni kila siku tangu muhula wa pili, kwa wakati na nadhifu. Bado ana kazi katika hesabu za sehemu na insha. Naomba wote wawili wasimwache."

Nikajifunika uso kwa mtandio. Sikutaka Lipstiki anione, kumbe naye kajigeuzia ukutani. Mwalimu mkuu alisoma, akamuuliza mwalimu maswali mawili matatu, akaipiga mstari ile ya zamani na akagonga mhuri mpya. Mimi nikaweka sahihi mahali pa mzazi, na njia nzima ya kurudi dukani nilikuwa najiuliza kama nimejichimbia kaburi.

Fundi viatu aliposikia alishika kichwa. "Mama Chiriku, wewe hukuzaliwa, ulianguka," akaniambia.

Jumatatu ofisi ya ustawi ilikuwa na joto. Afisa alianza na Chiriku peke yake, mlango umefungwa, mimi nje nauma kucha. Alipotuita wote, baba Chiriku aliingia na shati jipya na Lipstiki nyuma yake, kichwa chini. Afisa akachukua ripoti. Nikaona anaanza na maoni, si alama, nikajua huyu anajua kazi yake. Akayasoma kwa sauti, mpaka mwisho.

Baba Chiriku alikuwa anatabasamu kwenye "mke wa baba yake". Halafu tabasamu likaganda.

"Kila Ijumaa?" Akamgeukia mkewe. "Unakwenda shuleni mwaka mzima nikiwa safarini, nami sijui? Nani alikupa ruhusa?"

"Mtoto alikuja..."

"Nimeuliza nani alikupa ruhusa! Nyumba yangu unaitoka toka unavyotaka, unanifanya mjinga mbele za watu!" Akanyanyua kidole usoni mwake, kile kidole, nakijua, nimekaa nacho miaka kumi na miwili. Lipstiki akajikunja kwenye kiti.

"Mshushie kidole!"

Nilishtuka kuisikia sauti hiyo. Nikatazama nani kasema. Ilikuwa yangu, na nilikuwa nimesimama.

"Mshushie kidole nakwambia! Mwanao alikuwa hajui kusoma, wewe hukujua. Mimi mama yake sikujua! Huyu alijua, akaenda, akakaa. Ungekuwa na haya ungemshukuru, na mimi ndiyo kwanza namshukuru leo." Nikageuka, na jina lake la kweli likanitoka mdomoni kwa mara ya kwanza, mbele ya wote. "Ahsante, mwenzangu."

Yule afisa asiyecheka aliandika kitu kwa muda mrefu. Kisha akasema mtoto atabaki kwangu, na Ijumaa saa tisa zitabaki kama zilivyo, na mtu yeyote asimzuie mwanamke yule kwenda shuleni, akimtazama baba Chiriku alipokuwa anasema hivyo.

Nikamshika Chiriku mkono tutoke. Ulikuwa umelowa jasho.

"Ulimwambia nini mlipokuwa peke yenu?" nikamuuliza kwenye ngazi.

"Kweli," akasema. "Lakini mama, nilikuwa nimeshajizoeza ile nyingine. Nikasahau kweli inaanzia wapi, ikabidi nianze na kulia."